Dhahabu (XAUUSD): Kusubiri bei irudi kwenye wastani au kununua ikivunja kilele kipya? Wajuzi naomba mnifungue

Chumvi_ya_Nungwi

Wakuu habari za jioni.

Niko demo, nafuatilia chati ya siku ya dhahabu. Nimerudi nyuma hadi 2024 kujifunza, na kuna kitu kimenichanganya.

Machi 2024 bei ilifika 2,195 hivi, ikalala wiki kama tatu, mwisho wa mwezi ikavunja na kupaa hadi 2,431 tarehe 12 Aprili. Njia nzima haikurudi kugusa wastani wa siku 20. Aliyekuwa anasubiri irudi aliishia kutazama tu.

Sasa njoo Mei. Tarehe 20 bei ikavunja kile kilele cha 2,431, ikagonga 2,450. Anayenunua kilele kipya akaingia. Tarehe 23 bei iko chini ya 2,340.

Trendi ni ileile, ya kupanda. Mara ya kwanza aliyesubiri kakosa, mara ya pili aliyevunja nayo kachomwa. Nifuate njia ipi? Au kuna namna ya kujua mapema?

---

Baharia255

Mkuu karibu kwenye gemu.

Jibu ni rahisi. Subiri irudi, siku zote. Kununua kilele ni kudandia daladala likishaondoka. Weka EMA 50 kwenye chati, bei ikigusa unaingia, stopu pipsi chache chini ya mstari. Ule mstari ni ukuta, mabenki yanaweka oda zao pale. Fungua chati yoyote uone bei inavyogonga na kurudi juu.

---

Kisiki_Hai

Baharia hayo mabenki yalikutumia meseji?

Mimi nanunua vilele tu. Soko lenye nguvu halikusubiri wewe. Anayesubiri irudi anabaki na soko bovu, maana ndilo linalorudi.

---

Mjukuu wa Pwani

Nimekaa paleee, ngoja waje wajuzi.

---

Mama Hisa

Hamjambo? Mimi niko Nairobi, nanunua hisa za Safaricom kwa muda mrefu. Naona mnasema bei ikirudi kwenye wastani ununue. Je, ni wastani wa bei nilizonunulia mimi? Maana nilinunua mara kadhaa kwa bei tofauti, na mtu wa broka wangu huniambia "punguza wastani wako" bei ikishuka. Ndiyo hiyo?

---

Fundi_Saa

Mama Hisa shikamoo. Hapana, hivyo ni vitu viwili. Wastani wa manunuzi yako ni hesabu ya mfuko wako, soko haliujui. Tunaouzungumzia hapa ni wa bei za kufunga za siku 20 au 50 zilizopita, na kila siku unasogea. Na hapa tunanunua pale tu trendi inapopanda, wakati huyo broka anakushawishi uongeze bei inaposhuka. Nitakurudia kwenye hisa.

Chumvi, swali lako ni zuri kwa sababu umechukua trendi moja ukaona njia zote mbili zinapata na kukosa. Wengi huleta picha moja tu.

Kisiki kagusa jambo kubwa ila kalisema kwa mkato. Ukitega Buy Limit kwenye mstari wa wastani, umejichagulia wateja bila kujua. Trendi yenye nguvu kuliko zote hairudi, kwa hiyo oda yako haijazwi. Trendi inayokufa lazima ipite kwenye mstari wako ikielekea chini, kwa hiyo oda yako inajazwa kila mara bila kukosa. Yaani hasara zote utazipata kamili, faida utapata zile za katikati tu. Hii haionekani ukitazama chati ya zamani, kwa sababu jicho hukimbilia pale bei ilipogusa na kupaa.

Lakini na wewe Kisiki usicheke. Buy Stop yako juu ya kilele inajazwa kwenye kila mpando mkubwa, ni kweli, hakuna utakaoukosa. Inajazwa pia kwenye kila uvunjaji wa uongo. Unalipa kwa kuchomwa mara nyingi kidogo kidogo, halafu unategemea ile michache mikubwa ikurudishie. Ukifunga mapema kwa woga, hesabu yote inaharibika.

Na wale wa EMA 50 ni ukuta: mstari ni hesabu ya bei zilizopita. Hauna oda ndani yake. Wapo watu wanaoweka oda karibu nao, sawa, ila hiyo haiufanyi ukuta. Tarehe 7 Juni 2024 dhahabu ilianguka zaidi ya dola 80 kwa siku moja. Asubuhi takwimu za China zilionyesha benki kuu yao haikununua dhahabu mwezi Mei baada ya kununua miezi 18 mfululizo, mchana ajira za Marekani zikaja kali. Ilipita mstari wa siku 50 kama haupo, ikafunga 2,293.

---

Baharia255

Hiyo ni habari mkuu, habari huharibu kila kitu. Siku za kawaida unafanya kazi.

---

Fundi_Saa

Nakubali nusu. Tarehe 25 Julai 2024 bei ilishuka hadi 2,353, karibu kabisa na mstari wa siku 50, ikageuka. Tarehe 5 Agosti, ile Jumatatu hisa za Japani zilipoporomoka, ikashuka tena hadi 2,360 na kitu na haikuvunja pale. Katikati ya Agosti ikapita 2,500. Kwa hiyo mstari uleule uliopuuzwa Juni ulionekana kufanya kazi Julai.

Tofauti ni nini? Juni yote mstari ulikuwa unaelekea kulala na bei ikiuvuka juu na chini kama haiuoni. Mstari uliolala hauna taarifa yoyote ya kukupa. Ukinunua kila mguso pale utaliwa mara nne tano ndani ya mwezi mmoja.

---

Chumvi_ya_Nungwi

Fundi asante, nimeelewa hiyo ya oda kujazwa. Ila nifanyeje kwa vitendo? Kama Machi na Mei, kuna kitu kwenye chati kingenitofautishia?

---

Fundi_Saa

Kipo kimoja ninachokitumia. Si dawa, ila kinasaidia. Pima umbali kati ya bei na mstari wa siku 20 pale kilele kinapovunjwa.

Namba zangu ni za kukadiria, broka hutofautiana dola moja mbili.

Machi: bei ililala kati ya 2,146 na 2,195 wiki tatu. (Tarehe 21 ilichomoza hadi 2,222 baada ya mkutano wa Fed, siku hiyohiyo ikarudi ndani.) Wakati imelala, mstari wa 20 ulikuwa unapanda taratibu kuifuata. Mwisho wa mwezi mstari ulikuwa kwenye 2,150 hivi. Kilele cha 2,195 kilikuwa dola 45 tu juu yake.

Mei: bei ilitoka 2,277 tarehe 3 hadi 2,450 tarehe 20, bila kupumzika pa maana. Mstari wa 20 ulikuwa 2,335 hivi. Aliyenunua 2,433 alinunua karibu dola 100 juu ya mstari.

Julai ni hivyohivyo. Tarehe 16 ilivunja 2,450 ikafunga 2,468, mstari uko 2,350. Kesho yake ikagonga 2,483, na tarehe 25 iko 2,353.

Sasa tazama Machi tena. Bei haikushuka kuufuata mstari, mstari ndio ulipanda kuifuata bei. Huko nako ni kurudi kwenye wastani, ila kwa muda badala ya kwa bei. Mimi ndiyo maana siuoni ugomvi wenu. Uvunjaji mzuri wa Machi ulikuwa pia kurudi kwenye wastani. Aliyekosa ni yule aliyedai lazima mshumaa uguse mstari kabisa.

---

Kisiki_Hai

Hapa nitabisha. Mifano mitatu umechagua mwenyewe.

Twende 2025. Dhahabu ilifika 3,500 Aprili, ikalala hadi mwisho wa Agosti, Septemba mwanzoni ikavunja. Hapo ulikuwa na msingi, tuko pamoja. Lakini baada ya hapo ilivunja kilele baada ya kilele, 3,600, 3,700, 3,800, ikapita 4,000 tarehe 8 Oktoba, hadi 4,380 tarehe 20. Njia nzima ilikuwa mbali na mstari wa 20 na haikugusa. Kwa kipimo chako kila kilele ungesema "imeshavutika, siingii". Mimi niliye na kilele ningekuwa ndani.

---

Fundi_Saa

Ni kweli, na sina jibu la kukupendeza. Kwa kipimo changu ningeingia Septemba mwanzoni halafu nisiongeze. Kama ningekosa ile ya kwanza, ningekosa yote. Hiyo ndiyo gharama yake na naijua kabla ya kuanza.

Swali langu kwako: ukinunua 4,300 stopu yako inakaa wapi? Tarehe 21 Oktoba ilianguka zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja.

---

Kisiki_Hai

Stopu chini ya siku ya kuvunja. Nachomwa, naendelea. Zile nilizoingia chini zimeshalipa.

---

Fundi_Saa

Hapo ndipo penyewe. Unasema "zile nilizoingia chini". Mtu aliyeanza na ya mwisho hana za chini.

---

Dogo wa Makorora

Wakuu mimi nina dola 200 live. Nimesoma mpaka hapa, kesho naweka EMA 20 chati ya siku, stopu dola 5 chini ya mstari. Nipo sahihi?

---

Fundi_Saa

Dogo tulia kwanza, tupige hesabu moja kamili. Chumvi fuata nayo, ni mfano wa Aprili 2024.

Baada ya 2,431 bei ilirudi. Tarehe 23 Aprili iligusa mstari wa 20, ambao ulikuwa 2,317 hivi, ikashuka hadi karibu 2,291 siku hiyo. Tuseme uliingia 2,317.

Aliyeweka stopu dola 5 chini aliondolewa siku hiyohiyo.

Wa pili akasema nitaweka chini ya 2,291, tuseme 2,285. Tarehe 1 Mei bei ikafika 2,281. Naye kaondoka.

Wa tatu alitazama kwanza ATR ya siku 14. Kipindi kile dhahabu ilikuwa inatembea dola 40 na kitu kwa siku. Akaweka stopu umbali wa siku moja ya kawaida, 2,270. Bei ilishuka hadi 2,277 tarehe 3 Mei, ikageuka, na tarehe 20 ikapita 2,431. Alihatarisha 47, akifunga kwenye kilele cha zamani kapata 114. Mara mbili na nusu ya alichohatarisha, karibu.

Kumbuka alinusurika kwa dola 7. Sisemi alikuwa na akili kuliko wenzake, nasema wale wengine hawakuwa na nafasi tangu mwanzo. Stopu ya dola 5 kwenye kitu kinachotembea dola 40 kwa siku haipimi kama wazo lako ni sahihi, inapima kelele tu.

Sasa mfuko wako. Loti 0.01 ya dhahabu ni aunsi moja, kwa hiyo bei ikienda dola moja, wewe unapata au kupoteza dola moja. Stopu ya 47 ni dola 47. Kwa dola 200 hiyo ni karibu robo ya akaunti kwa dili moja. Ukitaka kuhatarisha asilimia 1 tu unahitaji akaunti ya dola 4,700. Na 0.01 ndiyo ndogo kuliko zote kwa broka wengi.

Kwa hiyo kwa mfuko wako chati ya siku ya dhahabu haiingii, kwa njia yoyote kati ya hizi mbili. Kisiki naye Machi alihitaji stopu chini ya 2,146 akiwa ameingia 2,197, yaani dola 53. Hakuna nafuu huko.

---

Dogo wa Makorora

Dah. Basi nishuke M5, stopu zinakuwa ndogo.

---

Fundi_Saa

Zinakuwa ndogo, spredi haipungui. Spredi ya senti 30 kwenye stopu ya dola 47 huioni. Kwenye stopu ya dola 3 umeshaacha sehemu ya kumi mlangoni, kila dili. Na zile dakika za habari hupanuka. Ukitaka kujifunza kwa pesa halisi, EURUSD loti 0.01 pipsi moja ni senti 10. Stopu ya pipsi 40 ni dola 4. Hiyo ni asilimia 2 ya mfuko wako, angalau inazungumzika.

---

Bi Riba

Mimi nachanganya. Siweki Buy Limit kwenye mstari. Nangoja bei irudi karibu na mstari wa 20, halafu nangoja mshumaa wa siku ufunge kijani. Kesho yake naweka Buy Stop juu kidogo ya kilele cha ule mshumaa. Isipojazwa ndani ya siku mbili naifuta.

Faida yake ni kwamba trendi inayokufa moja kwa moja hainijazi. Tarehe 7 Juni kwa mfano, mshumaa ule ulikuwa mwekundu mrefu, sikuwa na sababu ya kuweka chochote.

Hasara yake, naingia juu zaidi na stopu yangu inakuwa ndefu. Na Buy Stop inaweza kunijaza bei mbaya kuliko niliyoandika soko likiruka, wakati Buy Limit haikujazi juu ya bei uliyoandika.

---

Baharia255

Hiyo sasa ndiyo ninayofanya mimi, nilisema kwa kifupi tu.

---

Kisiki_Hai

Hahaha Baharia! Ulisema "ikigusa unaingia". Uzi upo hapo juu.

Ila Bi Riba, hiyo yako ni kuvunja kilele kidogo. Karibu kwetu.

---

Bi Riba

Niite utakavyo. Kilele changu kiko karibu na mstari, chako kiko angani.

---

Chumvi_ya_Nungwi

Swali jingine. Nimesoma mahali kwamba ukitaka kuepuka uvunjaji wa uongo, subiri mshumaa wa siku ufunge juu ya kilele. Nimeangalia tarehe 20 Mei: ilifika 2,450 lakini ikafunga chini ya 2,431. Kwa hiyo aliyesubiri kufunga hakuingia kabisa. Si hilo ndilo jibu?

---

Fundi_Saa

Umeangalia vizuri. Sasa jaribu hiyohiyo tarehe 16 Julai. Ilifunga 2,468, juu ya 2,450, safi kabisa. Siku tatu baadaye ilifunga karibu na 2,400.

Kusubiri kufunga kunachuja baadhi, nami huwa nasubiri. Ila kuna bei: siku ya kuvunja kwa nguvu mshumaa huwa mrefu, ukisubiri ufunge unaingia juu sana na stopu inarefuka. Huwezi kupata uhakika zaidi na bei nzuri zaidi kwa pamoja. Hata Bi Riba yuko kwenye mzani huohuo.

---

Mjukuu wa Pwani

EMA au SMA? Na kwa nini 20, si 21? Kuna jamaa Telegram anasema 21 ndiyo namba ya siri.

---

Fundi_Saa

EMA ya 20 inaipa bei ya leo uzito wa 2 gawanya kwa 21, asilimia 9.5 hivi. SMA inaipa 5. Ndiyo tofauti yenyewe, EMA inageuka mapema kidogo. Kati ya 20 na 21 mistari yake hutaitofautisha kwa macho. Kama njia yako inafanya kazi na 21 halafu inakufa na 20, basi haikuwahi kufanya kazi.

Jamaa wa Telegram anauza kozi?

---

Mjukuu wa Pwani

Anauza 😂

---

Mama Hisa

Fundi uliahidi kunirudia. Kwa hisa je, hii inafaa?

---

Fundi_Saa

Nisamehe mama. Kwa hisa inayouzwa na kununuliwa kwa wingi kila siku, kama hiyo yako, wastani una maana. Ila kumbuka NSE ina kikomo cha asilimia 10 kwa siku, kwa hiyo habari kubwa inaweza kusogeza bei siku mbili tatu mfululizo, na stopu unayoiwaza kichwani huenda usipate mtu wa kukununua pale. Kwa hisa zinazokaa siku kadhaa bila dili, na hapa kwetu DSE zipo, mstari wa wastani ni mchoro tu. Bei ileile inajirudia, mstari unalala, halafu dili moja dogo linaonekana kama uvunjaji wa kilele.

Na kwa kuwa unashikilia muda mrefu na unapokea gawio, sidhani mjadala huu wa kuingia dola chache juu au chini unakuhusu sana.

---

Mama Hisa

Marahaba mwanangu, nimekuelewa. Huyo wa broka nitamuuliza vizuri.

---

Chumvi_ya_Nungwi

Wakuu nimeanza kazi. Nimechukua chati ya siku ya dhahabu, natoka 2019 kuja mbele mshumaa kwa mshumaa, nimeficha upande wa kulia. Naandika kila mguso wa mstari wa 20 ukiwa unapanda, na kila kilele kilichovunjwa, pamoja na umbali wake kutoka kwenye mstari kwa kipimo cha ATR, si kwa dola. Nimeona dola 45 ya bei ya 2,200 si sawa na dola 45 ya bei ya 4,000.

Nimekwama sehemu moja. Mstari "unapanda" nautambuaje bila kudanganya macho? Siku nyingine unapanda kidogo sana.

---

Bi Riba

Mimi nalinganisha mstari wa leo na wa siku 10 nyuma. Uwe juu kwa angalau nusu ya ATR, la sivyo nahesabu umelala.

---

Kisiki_Hai

Hiyo nusu umeitoa wapi?

---

Bi Riba

Nilianza na robo, nikawa naingizwa kwenye soko lililolala. Nikapandisha. Sina sababu nyingine, na kwa EURUSD huenda ikawa tofauti.

---

Fundi_Saa

Chumvi, andika namba yoyote ila iandike kabla ya kuanza kuhesabu, na usiibadilishe katikati. Halafu igawe: 2019 hadi 2022 upate kanuni zako, 2023 kuja huku uzijaribu bila kuzigusa. 2021 na 2022 zitakukera, dhahabu haikuwa na mwelekeo wa maana muda mrefu. Usiziruke.

---

Kisiki_Hai

Na vilele uhesabu vyote mkuu, hata vile vya mbali na mstari. Weka safu yake pembeni. Nataka kuona Septemba na Oktoba 2025 zinafanya nini kwenye jumla ya Fundi.

---

Chumvi_ya_Nungwi

Nitaweka zote. Nikimaliza 2019 na 2020 naleta jedwali hapa.